Barua ya Mjomba Mbele ya Afisa wa Viza

Binti mmoja niliyemsaidia kupanga karatasi zake aliingia kwenye usaili wa viza ya masomo ya Marekani akiwa na barua ambayo mjomba wake aliiandika kwa moyo wote. Barua ilisema kwamba yeye, mjomba, atagharamia masomo ya mpwa wake, yaani ada, malazi, chakula na mahitaji mengine yoyote, kwa muda wote atakaokuwa masomoni. Ilikuwa na saini, tarehe na muhuri wa kamishna wa viapo. Afisa hakuifungua. Alimuuliza binti mjomba wake anafanya kazi gani, akajibiwa. Akauliza ana watoto wangapi. Wawili, akasema binti. Nani anawalipia shule? Ni yeye mjomba. Basi akishawalipia hao na kulipa nyumba anabakiwa na kiasi gani kwa mwezi? Binti hakujua. Dakika chache baadaye alikuwa nje, na karatasi ya kukataliwa mkononi.

Siwezi kusema kwa uhakika kwamba swali hilo ndilo lililomwangusha. Karatasi ile hutaja kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, na kifungu hicho hubeba sababu nyingi kwa pamoja, zikiwemo zile za kama mwombaji ana nia ya kurudi kwao. Lakini nilipoisoma barua upya jioni ile, nikiwa na taarifa za benki za mjomba mezani, niliona kwamba afisa aliuliza jambo ambalo barua ilipaswa kulijibu na haikulijibu. Mjomba alikuwa ametoa ahadi. Afisa alitaka hesabu.

Hapo ndipo familia nyingi zinapopoteza fedha, muda na wakati mwingine nafasi ya chuo. Tunaiandika barua ya udhamini kana kwamba ndiyo ushahidi wenyewe, hivyo tunaitia maneno mazito na mihuri mingi. Kwa afisa, ushahidi ni taarifa ya benki, slipu za mshahara, barua ya mwajiri na hati za mali. Barua ya mdhamini inakuja kumweleza jinsi ya kuzisoma karatasi hizo: huyu ni nani, anahusianaje na mwanafunzi, fedha hii ilitoka wapi, ipi imetengwa kwa ajili ya masomo, na ya mwaka wa pili itatoka wapi. Barua isiyogusa maswali hayo inamwachia afisa kazi ya kukisia, naye ana watu wengine wanaosubiri nyuma ya mwombaji huyo.

Kabla ya kufika kwenye hesabu ya mjomba, kuna mtego ulio ndani ya neno lenyewe. Kwa Kiswahili mdhamini ni anayemlipia mtu gharama, na mdhamini huyohuyo ni anayemwekea mtu dhamana mahakamani, yaani anayewajibika mtu huyo akikosa kutimiza sharti. Neno moja linabeba mizigo miwili. Balozi zinaitenganisha mizigo hiyo, na kila nchi inaitenganisha kwa namna yake, ndiyo maana barua iliyofaa kwa jirani aliyekwenda nchi moja inaweza kuwa karatasi tupu kwako unayekwenda nyingine.

Uingereza, kwa mfano, haiangalii sana ukarimu wa ndugu. Kwa viza ya mwanafunzi, kanuni zinaruhusu fedha iwe kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi wake, ya mlezi wake wa kisheria, au ya mwenza wake. Mjomba, shangazi, kaka na dada hawamo. Mjomba anaweza kuwa na fedha za kutosha kusomesha watoto watano, na barua yake ikawa nzuri kupita zote, lakini akaunti yake haitahesabiwa. Mzazi anayetumia akaunti yake huambatisha cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi na barua fupi inayothibitisha uhusiano na kumruhusu mtoto kuitumia fedha hiyo. Barua inaishia hapo. Baada ya hapo ni kalenda: fedha inayotakiwa lazima iwe imekaa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na siku ya mwisho ya kipindi hicho isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya ombi kutumwa. Ikishuka kwa siku moja tu katikati, hesabu ya siku inaanza upya. Mjomba anayetaka kusaidia huko hana budi kumpa mpwa wake fedha kabisa, iwe ya mpwa kweli, kisha ikae kwenye akaunti ya mpwa kwa siku hizo zote.

Ujerumani inasimama upande mwingine kabisa. Huko kuna tamko rasmi la kubeba gharama, lililowekwa na vifungu vya 66 hadi 68 vya sheria ya ukaazi. Haliandikwi nyumbani. Mdhamini anayeishi Ujerumani huenda mwenyewe katika ofisi ya wageni ya mahali anapoishi, anaonyesha kipato chake, ofisi inapima kama kinatosha, kisha anasaini mbele ya ofisa kwenye karatasi maalumu ya serikali. Akishasaini ameweka dhamana kwa maana ile nzito: kama serikali italazimika kutumia fedha za umma kumtunza mgeni wake, inaweza kumdai mdhamini azirudishe, na wajibu huo hudumu miaka 5. Mgeni akibadilisha aina ya kibali chake ndani ya muda huo, mdhamini hatoki kirahisi. Nimekutana na watu waliodhani wanasaini barua ya kumtambulisha ndugu. Kama mdhamini hayuko tayari kwa mzigo huo, mwanafunzi anaweza kufungua akaunti iliyofungiwa, ambayo kuanzia Septemba 2024 ilihitaji euro 11,904 kwa mwaka, ikimruhusu kutoa euro 992 kila mwezi. Fedha hiyo inaweza kutoka kwa mjomba, naye akabaki mfadhili tu bila kuwa mdhamini wa kisheria.

Marekani iko katikati, na kwa sababu hiyo barua ina kazi kubwa zaidi huko. Mdhamini anaweza kuwa ndugu yeyote, hata rafiki. Barua yake haimfungi kisheria kama tamko la Kijerumani. Fomu I-134, ambayo wengine huijaza, ni tamko la msaada wa kifedha, haina makali ya ile I-864 ya wahamiaji wa kudumu, ambayo humfunga mdhamini kisheria, na kwa mwanafunzi si ya lazima. Sasa, kama ahadi haimfungi aliyeitoa, afisa atajuaje kwamba itatimizwa? Analazimika kuipima kwa kuangalia maisha ya mtoa ahadi. Kwa mzazi, uhusiano wenyewe unaeleza mengi. Kwa mjomba afisa anataka kujua zaidi: kwa nini yeye, na amewahi kumsaidia binti huyu kabla ya leo? Maelekezo wanayoyafuata maofisa hao yanagawanya swali la fedha vipande viwili. Fedha ya mwaka wa kwanza iwepo tayari na ionekane. Kwa miaka inayofuata, afisa aridhike kwamba, lisipotokea jambo lisilotarajiwa, fedha itapatikana kutoka chanzo kilekile au kingine kinachotajwa na kuaminika. Barua nyingi zinajibu kipande cha kwanza kwa kuonyesha salio kubwa, halafu kipande cha pili zinakifunika kwa maneno "kwa muda wote".

Turudi kwa mjomba wetu. Tarakimu nimezizungusha ili msomaji azifuate kwa urahisi. Fomu I-20, ile inayotolewa na chuo, ilitaja gharama ya mwaka mmoja: ada dola 17,400, maisha 10,200, bima na mengineyo 2,100. Jumla dola 29,700. Chuo chenyewe kilitoa ufadhili wa 6,000 kwa mwaka, zikabaki 23,700 za kutafutwa na familia. Katika mpango wa kwanza wazazi waliahidi 3,700, na mjomba akabeba 20,000. Masomo ni ya miaka minne.

Mjomba ana akiba ya dola 31,500 na mshahara wa 4,100 baada ya makato. Nilipomwomba aniandikie matumizi yake ya mwezi alisita kidogo, maana si jambo ambalo mtu mzima humwonyesha kila mtu, kisha akaandika: nyumba 1,150, shule ya watoto 600, chakula na usafiri 900, mkopo 250. Jumla 2,900. Kwa hiyo anabakiwa na 1,200 kwa mwezi, sawa na 14,400 kwa mwaka. Mkopo wake ulikuwa umebakiza miezi 24.

Ukiangalia akiba peke yake, mambo ni mazuri. Dola 31,500 dhidi ya 20,000! Ndivyo familia ilivyoona. Lakini tembea na hesabu hiyo mwaka hadi mwaka. Akilipa 20,000 za mwaka wa kwanza, akiba inabaki 11,500. Akiweka 14,400 za mwaka huo, anaingia mwaka wa pili na 25,900. Analipa tena, zinabaki 5,900. Anaweka 14,400, anaingia mwaka wa tatu na 20,300, analipa, na sasa akiba yake yote ya maisha ni dola 300. Mwaka wa tatu mkopo umekwisha, hivyo anaweka 17,400 na kuingia mwaka wa nne na 17,700. Amepungukiwa 2,300. Na hapo hakuna mtoto aliyeugua, ada haijapanda, gari halijaharibika.

Mjomba hakuwa amedanganya. Angeuza hata shamba ili mpwa wake amalize masomo, na mimi naamini hivyo. Ila barua haiwezi kumbeba afisa hadi moyoni mwa mjomba. Inaweza kumbeba hadi kwenye akaunti yake tu, na akaunti ilisema kwamba kufikia mwaka wa tatu mtu huyu mwenye watoto wawili atakuwa na dola 300. Afisa aliyezoea kazi yake halazimiki kukaa na kalamu kama mimi. Anaona mshahara, anaona familia, anaona kiasi kilichoahidiwa, na anahisi kwamba mzigo umezidi mbebaji.

Tulichofanya kwa ombi la pili ni kushusha ahadi. Najua inasikika kinyume, kwamba mtu aliyekataliwa kwa shaka ya fedha arudi na mdhamini anayeahidi pungufu. Wazazi walikaa chini wakakubali kubeba dola 7,200 kwa mwaka, yaani 600 kwa mwezi, kutoka mshahara wa mama na kodi ya nyumba ndogo wanayoipangisha, na karatasi za vyote viwili zikaambatishwa. Mjomba akashuka hadi 16,500. Jumla ni ileile, 23,700. Sasa akiba yake inakwenda hivi: baada ya kulipa mwaka wa kwanza anabaki na 15,000, baada ya mwaka wa pili 12,900, baada ya wa tatu 10,800, na baada ya wa nne 11,700. Hakuna siku anayoshuka chini ya dola 10,000. Ada ikipanda, au akikosa kazi kwa miezi michache, kuna mahali pa kushika.

Palikuwa na jambo jingine kwenye taarifa yake ya benki, ambalo pengine ndilo la kwanza ambalo macho ya afisa huliendea. Wiki tatu kabla ya ombi la kwanza, dola 9,000 ziliingia kwa mkupuo. Kabla ya hapo akiba ilikuwa ikipanda polepole kila mwezi, mchoro wa mtu anayejiwekea. Halafu ghafla mlima. Afisa anapoona mlima huo karibu na tarehe ya ombi hujiuliza swali moja tu: fedha hii ni yake, au ameazimwa aionyeshe kisha airudishe? Mjomba alikuwa ameuza gari. Ilikuwa halali kabisa, na barua ya kwanza haikusema neno juu yake.

Kuna kipimo rahisi ambacho nakitumia kila ninaposaidia watu. Ondoa fedha yote mpya isiyo na maelezo, uhesabu upya kana kwamba haipo. Kwa mjomba, 31,500 ukiondoa 9,000 zinabaki 22,500. Akilipa 16,500 za mwaka wa kwanza anabakiwa na 6,000. Ahadi ya mwaka wa kwanza bado inasimama. Kwa ahadi ya zamani ya 20,000 angebakiwa na 2,500, na hapo gari lile lingekuwa nguzo ya kila kitu. Kama mpango wako unaanguka ukiondoa fedha iliyoingia mwezi uliopita, shida haipo kwenye uandishi wa barua. Mpango wenyewe haujakaa. Tuliambatisha mkataba wa mauzo, hati ya kuhamisha umiliki wa gari na risiti ya benki iliyoonyesha jina la mnunuzi, na barua ikataja tarehe na kiasi kama vinavyosomeka kwenye taarifa.

Kulinganisha karatasi hivyo ndiko kunakochosha na ndiko kunakookoa. Barua ya mwajiri ilisema mshahara ni dola 5,000. Slipu ilionyesha 4,100. Benki ilionyesha 4,100 zikiingia kila tarehe 27. Mtu wa nyumbani anajua kwamba 5,000 ni kabla ya kodi na makato, lakini msomaji wa haraka anaona tarakimu mbili zinazogombana. Sentensi moja inamaliza ugomvi huo. Vivyo hivyo majina: kitambulisho kina majina matatu, benki ina mawili, na cheti cha kuzaliwa cha mama wa binti kina tahajia tofauti ya jina la babu. Kwa kuwa mjomba ni kaka wa mama, uhusiano wao ulithibitishwa kwa vyeti vitatu: cha binti kinachomtaja mama yake, cha mama, na cha mjomba, hivi viwili vikitaja wazazi walewale. Palipokuwa na tofauti ya tahajia tuliambatisha hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

Na hapa lugha yetu inaweza kutuponza. Anayemlea mtoto kama baba yake anaitwa baba, awe baba mdogo, baba mkubwa au mume wa mama. Nyumbani hakuna anayekosea. Mwanafunzi akijaza fomu kwa lugha ya ubalozi na kuandika kwamba mdhamini ni baba yake, kisha cheti cha kuzaliwa kikamtaja mtu mwingine, kwenye macho ya afisa huo ni uongo kwenye fomu rasmi. Andika uhusiano kama damu ilivyo, mdogo wa baba au kaka wa mama, kisha kwenye barua eleza malezi: tangu lini amekuwa akimlipia ada, na weka risiti za miaka iliyopita. Risiti mbili za ada ya sekondari zilizolipwa na mjomba miaka minne kabla ya viza kufikiriwa zinajibu "kwa nini yeye" vizuri kuliko aya nzima ya mapenzi.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Baada ya jina, kazi, anwani na uhusiano, sehemu yake kuu ilisomeka hivi kabla ya kutafsiriwa:

"Nitamlipia mpwa wangu dola 16,500 kila mwaka wa masomo, kwa miaka minne. Wazazi wake watalipa dola 7,200 kwa mwaka, na chuo kinampa ufadhili wa dola 6,000, kama fomu I-20 inavyoonyesha. Fedha yangu ya mwaka wa kwanza iko kwenye akaunti ya akiba ambayo taarifa zake za miezi 12 zimeambatishwa. Katika salio hilo, dola 9,000 zilitokana na mauzo ya gari langu. Mkataba na risiti vimeambatishwa. Mshahara wangu ni dola 5,000 kabla ya makato na 4,100 baada ya makato. Nina mke na watoto wawili ninaowasomesha, na baada ya matumizi yote ya nyumba yangu ninaweka akiba ya dola 1,200 kwa mwezi. Mkopo wangu utaisha baada ya miezi 24, na akiba hiyo itaongezeka kwa dola 250 kwa mwezi. Nimemlipia mpwa wangu ada ya shule tangu akiwa sekondari, risiti zimeambatishwa."

Hakuna neno la kusihi humo, wala sifa za binti. Mjomba alitaka kuongeza aya inayosema mpwa wake ni mwenye bidii na atarudi kulitumikia taifa. Nilimwomba aiache. Nia ya kurudi ni ya mwanafunzi kuieleza kwa mdomo wake, na mdhamini anayeiapia kwa niaba yake anaahidi jambo lisilo mikononi mwake. Watoto wake wawili, ambao katika barua ya kwanza aliwaficha akidhani watamdhoofisha, safari hii walitajwa wazi. Mtu anayetaja mizigo yake na bado hesabu ikakaa anaaminika zaidi ya mtu anayeonekana hana mzigo wowote.

Muhuri wa kamishna wa viapo tuliuweka tena, kwa kuwa hauna ubaya. Lakini unathibitisha kwamba aliyesaini ni yeye na ameapa mbele ya kamishna. Kamishna hajahesabu fedha za mtu. Nimeona barua zenye mihuri mitatu na taarifa ya benki ya mwezi mmoja, na ningependa familia zile zingetumia nauli ya kufuata mihuri kwenda benki kuomba taarifa ya mwaka mzima.

Kuna wanaouza njia fupi, na nasema hili kwa uchungu kwa sababu wanaoumia ni vijana. Wanaitwa mawakala, na huduma yao ni kuweka fedha kwenye akaunti ya mdhamini kwa wiki chache, au kumtafutia mwanafunzi "mjomba" asiyemjua, mwenye barua na taarifa tayari. Balozi huweza kuwasiliana na benki na waajiri. Ikigundulika, kinachokataliwa si ombi lile pekee. Marekani, anayepatikana ametumia uongo wa maana ili kupata viza anaweza kuzuiwa kuingia maisha yake yote. Uingereza, udanganyifu katika ombi unaweza kuleta zuio la miaka 10. Kanada, miaka 5. Wakala hayumo kwenye kumbukumbu hizo, jina lililomo ni la mwanafunzi wa miaka 19. Na hata udanganyifu usipogundulika, fedha ya kuonyesha hairudi kulipa ada ya muhula wa pili. Mwanafunzi anajikuta ughaibuni na deni la chuo, katika nchi ambayo kibali chake kinamruhusu kufanya kazi kwa saa chache tu.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kuyafanya hata ikiwa imekamilika. Haiwezi kumsaidia mwanafunzi asiyeweza kueleza kwa nini amechagua masomo yale. Haiwezi kuigeuza mali isiyouzika haraka kuwa ada ya Septemba. Nyumba na shamba zinaonyesha kwamba familia ina mizizi, na tathmini yake inaweza kuambatishwa, lakini mwaka wa kwanza unataka fedha inayotolewa benki. Na haiwezi kujisoma yenyewe kwa sauti. Kwenye usaili wa dakika chache, mara nyingi barua inabaki ndani ya bahasha na mwanafunzi ndiye anayegeuka kuwa barua. Kwa sababu hiyo, juma lile kabla ya usaili wa pili, binti na mjomba walikaa kwenye simu jioni mbili. Sikutaka akariri. Nilitaka mjomba amweleze kwa maneno yake mwenyewe, kama mtu mzima kwa mtu mzima, anapata nini, anatumia nini, na amejinyima nini.

Siku ile afisa alikuwa mwingine. Aliuliza nani analipa, binti akataja watu watatu na kiasi cha kila mmoja: chuo, wazazi, mjomba. Akauliza kuhusu mjomba, na kama mara ya kwanza, swali likafika kwa watoto wake.

"Ni wawili," binti akajibu. "Anawalipia dola 600 kwa mwezi. Wametajwa kwenye barua yake, pamoja na kinachobaki."

Afisa aliomba aione barua. Aliisoma, akafungua ukurasa mmoja wa taarifa ya benki, akaiweka pembeni, kisha akamuuliza kwa nini alichagua uhandisi wa maji.